Kazi ya Shule Iliyochelewa: Alama Zikatwe Ngapi, na Kutoka Wapi?

Ripoti ya shule ikifika nyumbani mwisho wa muhula, wengi wetu hutazama tarakimu tu. Tunasoma: Jiografia, 20, F. Basi baba anakunja karatasi, anamwita mtoto, na maneno yanaanza. Mama naye anasema, mtoto huyu Jiografia haijui, afadhali asiipoteze bure mwaka mzima.

Pengine ni kweli haijui. Lakini pengine mtoto huyo anaijua Jiografia kuliko nusu ya darasa, ila alileta kazi yake baada ya tarehe iliyowekwa, na mwalimu akamkata alama 10 kwa kila siku aliyochelewa. Tarakimu ile 20 haisemi ni lipi kati ya hayo mawili. Mambo mawili yamemwagwa katika chungu kimoja, yaani anachokijua mtoto na siku aliyokileta, na mzazi aliye kijijini hana njia ya kuyatenga.

Nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa sababu si dogo. Mwisho wa Kidato cha Pili mtoto huelekezwa masomo ya kuendelea nayo, na mwalimu anayemwelekeza hutazama tarakimu hizo hizo. Mtoto anayeondolewa katika somo kwa sababu ya alama isiyosema kweli hatarudishwa kirahisi.

Tena kazi hizi za katikati ya mwaka, yaani mazoezi, ripoti na miradi, si za kuchezea. Wazee wetu wa pwani ya ziwa watakumbuka kwamba mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa lile Azimio la Musoma. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kulalamika mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule zetu zinaabudu mtihani wa mwisho. Musoma ikaagiza kwamba mtihani wa maandishi wa siku moja usiwe ndio hakimu pekee, bali kazi za mwanafunzi za kila siku zihesabiwe pia. Ndipo kutoka mwaka 1976 zikaanza kuhesabiwa alama za maendeleo. Kiasi chake kimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini shabaha yake ni ile ile: kumpima mtoto kwa kazi zake nyingi, si kwa asubuhi moja ya hofu. Sasa, kama alama za kazi hizo zinaliwa na adhabu ya tarehe, shabaha ile imepotea njiani.

Jedwali la vigezo

Kabla ya kuhesabu, tuelewane juu ya jinsi mwalimu mzuri anavyosahihisha. Zamani mwalimu alisoma insha, akakuna kichwa, akaandika 60. Ukimwuliza kwa nini 60 na siyo 55, hakuwa na jibu. Siku hizi walimu wengi hutumia jedwali la vigezo. Wengine huliita rubriki. Ni karatasi yenye mistari. Upande wa kushoto yameandikwa mambo yatakayotazamwa, na mbele ya kila jambo yameelezwa madaraja yake, kutoka kazi hafifu hata kazi bora, kila daraja kwa maneno yake. Wanafunzi huonyeshwa jedwali hilo kabla hawajaanza kazi.

Tuseme mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya Ukerewe ameagiza wanafunzi waandike ripoti juu ya kuanika dagaa katika mwalo wa kijiji chao. Ameweka vigezo vinne, kila kimoja alama 5, jumla 20. Cha kwanza, kukusanya habari: je, mtoto amekwenda mwaloni mwenyewe, ameuliza watu, amehesabu? Cha pili, kupanga habari hizo katika ramani na majedwali. Cha tatu, kueleza sababu: kwa nini dagaa wa juu ya kichanja ni bora kuliko wa mchangani, kwa nini mvua ya asubuhi inaharibu mali. Cha nne, lugha na unadhifu. Jumla ya 20 inazidishwa kwa 5 ili kupata alama katika 100.

Uzuri wa jedwali ni kwamba alama ina maana. Ukiambiwa mtoto amepata 4 katika kueleza sababu, unaweza kusoma daraja la 4 linasema nini. Na hapo ndipo penye ubishi wangu wote. Jedwali limeahidi kwamba alama itasema kitu fulani. Ukiisha kuikata alama hiyo kwa jambo lisilomo katika jedwali, ahadi imevunjika.

Mtoto mmoja, kazi moja, alama nne

Sasa tumchukue msichana mmoja wa darasa hilo. Ni mtoto wa mfano, lakini wazazi wa mwaloni watamtambua. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Wiki ile ilikuwa ya giza, na kila mtu wa ziwa anajua maana yake: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, hivyo mitumbwi hupumzika, mwezi ukifa, kila taa inaingia majini. Alfajiri mitumbwi inarudi imejaa, na dagaa wasipoanikwa mapema na kugeuzwa juani wanaoza. Mama yake na yeye walianika kila asubuhi. Jioni hapakuwa na nguvu ya kuandika. Aliileta ripoti Jumatano iliyofuata.

Mwalimu akasahihisha kwa jedwali: kukusanya habari 4, kupanga 3, kueleza sababu 4, lugha 3. Jumla 14 katika 20, yaani 70 katika 100. Katika madaraja yanayotumika katika shule zetu za sekondari, A ni kutoka 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. Hivyo kazi yake ni B.

Lakini amechelewa. Tuone shule nne zenye sheria nne zingemwandikia nini.

Shule ya kwanza inakata alama 10 kila siku, na inahesabu Jumamosi na Jumapili pia. Kutoka Ijumaa hadi Jumatano ni siku 5. 70 toa 50 ni 20. F.

Shule ya pili inakata 10 vile vile, lakini inahesabu siku za masomo tu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku 3. 70 toa 30 ni 40. D.

Shule ya tatu inakata alama 3 kwa kila siku ya masomo, na haikati zaidi ya 10 kwa jumla, hata mtoto akichelewa namna gani. 70 toa 9 ni 61. C.

Shule ya nne haikati kitu katika alama ya somo. Inaandika 70, B, na katika safu ya pembeni inaandika: kazi 1 imechelewa, siku 3. Kisha inamwita Jumamosi akae shuleni saa mbili kufanya kazi zake zilizobaki.

Kalamu ile ile, ripoti ile ile, dagaa wale wale. F, D, C, B. Mzazi atasoma daraja moja tu kati ya hayo, na ataamini kwamba ndilo daraja la akili ya mtoto wake.

Tazama na jirani yake darasani. Yeye hakwenda mwaloni. Alinakili maneno ya kitabu Alhamisi usiku, akaleta Ijumaa asubuhi, mapema kabisa. Vigezo vyake: 1, 2, 2, 3. Jumla 8, yaani 40, D. Katika shule ya kwanza huyu aliyenakili amemzidi yule aliyekwenda, akauliza, akahesabu na akaeleza, tena amemzidi mara mbili. Sheria hiyo imewafundisha wote wawili somo moja, nalo si Jiografia.

Sifuri

Iko sheria iliyo kali kuliko zote nne, nayo ni ya kawaida sana: kazi iliyochelewa haipokelewi, imeandikwa sifuri. Walimu wanaoipenda huona kwamba sifuri ni F kama F nyingine. Hasha. Tuhesabu.

Msichana wetu ana kazi nne katika muhula. Tatu amepata 70, 66 na 72. Ukizijumlisha ni 208. Gawanya kwa 3, ni kama 69, B safi. Ya nne ameandikiwa sifuri kwa kuchelewa. Sasa 208 inagawanywa kwa 4, ni 52. Ameshuka hadi C, na si C ya juu.

Je, aendelee vipi ili arudi B? Tuseme kutoka hapo anajitahidi, hachelewi tena hata mara moja, na kila kazi anapata 72. Atahitaji kazi nane za namna hiyo ndipo wastani wake ufike 65. Ukitaka kuhakikisha, 208 ongeza mara nane ya 72 ni 784, na ukiigawanya kwa kazi 12 unapata 65 na kidogo. Kwa kazi saba hafiki. Kama shule inatoa kazi nne kila muhula, ni mihula miwili ya uaminifu kamili kulipia Ijumaa moja. Watoto si wajinga; huliona jambo hilo hata kabla ya kulihesabu, na wengine huacha kulipia.

Sababu ya ukali huo ni upana wa madaraja. B ina upana wa alama 10 tu, D alama 15, lakini F ina alama 30 nzima, kutoka sifuri hadi 29. Mtoto aliyejaribu akashindwa huwa karibu na ukingo wa juu wa shimo hilo, 22 au 25. Yule wa sifuri ametupwa chini kabisa, na sifuri yake haisemi kwamba hajui. Haisemi kitu. Ni nafasi tupu iliyovishwa tarakimu. Kama mwalimu hana kazi ya mtoto, neno la kweli ni "haijaletwa", na liandikwe hivyo hivyo kwa maneno, mpaka iletwe.

Liko jambo jingine katika sheria hizi kali. Katika shule ya kwanza, mtoto mwenye kazi ya 70 akifika siku ya saba hana kitu cha kuokoa. Ya nini basi aandike ripoti? Anaiacha. Tulitaka aende mwaloni, aulize, aandike. Sheria yetu wenyewe imemwambia asiende. Hii ndiyo alama ya kutambua sheria mbaya: tafuta siku ambayo mtoto hapati faida yoyote kwa kufanya kazi. Siku hiyo ikiwepo, sheria inaadhibu kujifunza kwenyewe.

Kama ni lazima kukata

Mimi ningechagua shule ya nne. Lakini najua ziko shule ambazo mkuu na bodi wamekwisha kuamua kwamba lazima kitu kikatwe. Basi zikate kwa kiasi, na kiasi hicho si cha kubahatisha. Kinapatikana katika madaraja yenyewe.

Alama 10 ndiyo mwisho. Nitaeleza kwa nini. Daraja lililo jembamba kuliko yote baada ya A ni B, lenye alama 10, kutoka 65 hadi 74. Mwenye A ya chini kabisa, 75, ukimkata 10 anabaki na 65, amekuwa B. Ukimkata 11 anabaki na 64, ambayo ni C, maana yake amerukishwa madaraja mawili kwa mkupuo mmoja. Pima na madaraja mengine utaona vivyo hivyo: kwa alama 10 hakuna mtoto anayeweza kushuka zaidi ya daraja moja. Daraja moja ni adhabu inayouma, na bado ripoti haijawa uongo mkubwa.

Ila yule wa D alindwe. Mwenye 36 ukimkata 10 anakuwa na 26, ameanguka F, na ripoti itasema ameshindwa somo ambalo kwa jedwali hakulishindwa. Kwa hiyo sheria iwe na sakafu: kazi iliyofikia 30 kwa vigezo haishuki chini ya 30 kwa sababu ya tarehe. Huyu mwenye 36 atakatwa 6 tu.

Mtauliza, si afadhali kukata sehemu ya kumi ya alama aliyopata, badala ya alama 10 kwa wote? Ni swali zuri, kwa maana alama 10 kwa mwenye 80 ni sehemu ya nane ya mali yake, na kwa mwenye 40 ni robo nzima. Sehemu ya kumi huwalinda wadhaifu. Lakini mwalimu mwenye daftari la wanafunzi 90 atakosea hesabu za sehemu, na mzazi hataweza kuzikagua. Alama 3 kwa siku ya masomo, mwisho 10, sakafu 30: hizo mtu yeyote anaweza kuzihesabu kwa vidole barazani.

Na makato hayo yaonekane. Yasifichwe ndani ya jedwali. Wako walimu wanaoongeza kigezo cha tano, "kuleta kwa wakati", wakakipa alama 4 katika 20. Wanadhani wamefanya haki kwa sababu kimetangazwa. Lakini alama 4 katika 20 ni 20 katika 100, mara mbili ya kile nilichosema ndiyo mwisho, tena zimezama ndani ya jumla, hata mwaka ujao mwalimu mgeni akilifungua daftari hatajua kwamba 56 hii ilikuwa kazi ya 76.

Safu mbili

Katika daftari la ubatizo la parokia tuna safu ya tarehe ya kuzaliwa na safu ya tarehe ya ubatizo. Wapo watoto wanaoletwa wakiwa na mwezi mmoja, na wapo wanaoletwa wakiwa wanatembea na kubishana na Padri. Mzazi aliyechelewa ataambiwa neno, na pengine hatalisahau. Lakini karani haandiki kwamba mtoto amebatizwa nusu. Anaandika tarehe mbili, kila moja mahali pake, na anayesoma daftari baada ya miaka 40 anaona yote mawili.

Daftari la alama lingekuwa hivyo. Safu ya kwanza: alama kwa vigezo, isiyoguswa. Safu ya pili: siku za masomo alizochelewa. Kama shule inakata, safu ya tatu iwe ya makato, na ya nne iwe alama iliyobaki. Kwa msichana wetu itasomeka 70, siku 3, toa 9, 61. Mwalimu wa masomo atatazama safu ya kwanza anapoamua kama mtoto ana uwezo wa somo. Mzazi atatazama safu ya pili na kujiuliza kuhusu asubuhi za mwaloni. Gharama ya jambo hili ni mistari miwili ya rula.

Ila walimu nao wanayo haki yao

Nisije nikaonekana kuwaonea walimu, ambao nilisoma nao chuoni na ninaujua mzigo wao. Mwalimu wa sekondari ya kata anaweza kuwa na mikondo mitatu, watoto zaidi ya 200. Amekaa Jumamosi nzima kusahihisha, amemaliza, amefunga. Jumatano zinaletwa ripoti kumi na mbili, Ijumaa tano nyingine. Kila safari inambidi arudishe akili yake kwenye jedwali lile lile. Na yule mtoto aliyekesha na kibatari ili alete Ijumaa, ataona nini akiona wengine wanaleta wakipenda? Msinitajie mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu. Yule bwana wa shamba alikuwa akitoa mali yake mwenyewe, mwalimu anatoa usingizi wake.

Kwa hiyo kuchelewa kuwe na gharama, lakini gharama ya wakati kwa wakati. Mwalimu aweke siku moja ya mabaki kwa mwezi, na kazi zote zilizochelewa zisahihishwe siku hiyo tu, si kabla. Aliyechelewa atapata alama zake za vigezo, lakini hatapata yale maelezo marefu pembeni waliyopata wenzake. Hilo si dogo, kwani maelezo ndiyo yanayomsaidia kufanya vizuri kazi ifuatayo. Na mwenye kazi isiyoletwa akae shuleni siku iliyopangwa mpaka aimalize. Mtoto mvivu anaogopa jambo hilo kuliko sifuri. Sifuri inamwacha huru kwenda kucheza.

Sitaji viboko kwa urefu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, na kwa makosa makubwa. Ripoti ya dagaa iliyochelewa si kosa la namna hiyo.

Sababu za kuchelewa

Hapa walimu wengi wema hukwama. Wanasema, mwenye sababu atasamehewa. Basi mwalimu anageuka kuwa hakimu wa misiba. Mtoto mwenye baba anayejua kuandika barua huleta barua nzuri, anasamehewa. Yatima anayelala kwa shangazi hana wa kumwandikia, anakatwa. Msichana aliyekosa siku mbili kwa jambo la kike hatasimama mbele ya mwalimu wa kiume kulieleza, afadhali akatwe. Na mwenye nyumba isiyokuwa na chakula hatalitangaza.

Dawa niipendayo ni rahisi. Mwanzo wa muhula kila mwanafunzi apewe vyeti viwili vidogo vyenye mhuri wa shule, kila kimoja cha siku 3 za masomo. Akichelewa anabandika cheti juu ya kazi yake, na haulizwi neno. Vikiisha, vimeisha. Mtoto wa mwaloni atavitumia wiki za giza. Mtoto wa mpunga wa Magu atavitumia wakati wa kupandikiza miche. Mvivu atavimaliza mwezi wa kwanza, na hapo mwalimu atakuwa amemjua bila kesi. Msiba mkubwa, ugonjwa wa kulazwa, hayo yabaki kwa mkuu wa shule kama kawaida. Msichana wetu angebandika cheti kimoja Jumatano ile, na hesabu zote tulizofanya zisingekuwapo.

Afadhali zaidi mwalimu atazame mwezi anapopanga tarehe. Kuagiza ripoti ya dagaa iletwe wiki ya giza ni kumwagiza mkulima wa pamba alete insha siku ya mnada.

Mwisho wa kungoja

Je, mlango uwe wazi mpaka lini? Upo mpaka wa kweli, na si wa kubuni. Ni siku mwalimu anaporudisha kazi na kuzijadili darasani. Baada ya siku hiyo majibu yamekwisha kusemwa. Mtoto akileta kazi, mwalimu hawezi kujua anapima kichwa cha nani. Hapo kazi ile ile isipokelewe tena. Lakini vigezo havijafa. Mwalimu ampe kazi nyingine yenye vigezo vile vile: waliobaki waliandika juu ya dagaa, yeye aandike juu ya kukausha muhogo au juu ya kivuko cha Rugezi na Kisorya. Atapimwa kukusanya, kupanga, kueleza na lugha, sawasawa na wenzake. Tarehe ya kurudisha kazi itangazwe siku ile ile kazi inapotolewa, ili kila mtu aujue mlango na saa ya kufungwa kwake.

Wazazi, mnaweza kuyauliza haya katika mkutano wa wazazi au kupitia wajumbe wa bodi ya shule, bila kugombana na mtu. Ombeni kuona karatasi yenyewe pamoja na jedwali lake, kisha jumlisheni vigezo. Jumla ikitofautiana na alama iliyo katika ripoti, ulizeni tofauti imekwenda wapi. Ulizeni kama sheria ya kuchelewa imeandikwa, au kila mwalimu ana ya kwake. Katika shule moja nimepata kuona mtoto akikatwa 5 kwa Historia na kuandikiwa sifuri kwa Biolojia wiki moja.

Kabla sijaweka kalamu chini, sharti niseme kwamba ziko kazi ambazo wakati wenyewe ndio somo, na huko sheria zangu hazifai. Shule nyingi zina kipima mvua. Mwanafunzi wa zamu hukisoma kila siku saa tatu asubuhi, anaandika milimita katika daftari, anamwaga maji, anakirudisha. Asiyefika saa tatu akaja saa nane amechanganya mvua ya siku mbili, na jua limekwisha kunywa sehemu yake. Asiyefika kabisa hawezi kuileta mvua ya jana kesho. Katika jedwali la kazi hiyo, kusoma kwa saa yake ni kigezo halali, tena ni kigezo cha kwanza, na mwanafunzi huyo akatwe pasipo kuoneana haya. Na katika daftari la mvua, siku aliyoikosa isiandikwe sifuri, kwa sababu sifuri maana yake mvua haikunyesha. Iachwe mstari mtupu.